Vibanio, skranchi na hedibendi: kipi ni cha mwaka gani? Tunaandaa igizo la 1966, 1985 na 1997

Mshona Mapazia (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mshonaji wa mavazi wa kikundi kidogo cha maigizo hapa Dar es Salaam, na safari hii nimekabidhiwa pia vichwa vya waigizaji, yaani nywele na kila kinachowekwa kwenye nywele. Igizo letu linahusu familia iliyohama kutoka Tanga kwenda London, nalo lina sehemu tatu. Ya kwanza ni mwaka 1966, pale mama anapomzaa binti yake wa kwanza huku akisomea uuguzi. Ya pili ni tarehe 13 Julai 1985, siku ya tamasha la Live Aid pale Wembley, ambapo binti yule ana miaka 19 na anagombana na mama yake huku televisheni ikiwa imewashwa. Ya tatu ni mwaka 1997, binti sasa ni mama wa miaka 31, naye ana mtoto wa kike wa miaka tisa.

Mwongozaji anataka mtazamaji aujue mwaka kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Nimeshanunua Kariakoo skranchi za rangi kali, vibanio vikubwa vya makucha na hedibendi za plastiki. Naomba mnisaidie kuvigawa katika sehemu hizo tatu. Mama wa 1966 atavaa wigi la nywele zilizonyooka, binti wa 1985 ana nywele zake za asili, nyingi na zinazofika mabegani, na mtoto wa 1997 atasukwa.

Mzee wa Kumbukumbu

Mleta uzi, kazi yako ni nyepesi kuliko unavyodhani. Skranchi na kibanio cha makucha ni mambo ya miaka ya themanini, kwa hiyo vipeleke vyote 1985, tena uchague zile za rangi zinazochoma macho. Kwa mwaka 1966 mpe mama afro kubwa na lile chanuo lenye mkono uliokunja ngumi, limechomekwa pembeni. Kwa mwaka 1997 weka vile vibanio vidogo vya kipepeo. Biashara imeisha.

Bi Chanuo

Mzee wa Kumbukumbu, kwa heshima zote, katika hayo uliyoyasema vipepeo peke yake ndivyo ninavyokubaliana navyo bila sharti. Nimefanya kazi miaka mingi katika ghala la mavazi ya jukwaani, na mwaka 1985 ndio mwaka uliotukosesha mara nyingi kuliko yote, kwa sababu kila mtu ana picha kichwani ya "miaka ya themanini" ambayo kwa kweli ni ya mwisho wa muongo ule na mwanzo wa uliofuata.

Skranchi kama tunavyoijua iliingia sokoni baada ya mwanamuziki mmoja wa Marekani, Rommy Hunt Revson, kuitengeneza mwaka 1986 na kupata hataza yake mwaka 1987. Nywele zake zilikuwa zimedhoofika, na mipira ya wakati ule ilizidi kuzikata, ndipo akachukua wazo la kiuno cha suruali ya kulalia, yaani lastiki iliyofichwa ndani ya kitambaa kilichojikunja. Kibanio cha makucha nacho ni cha Mfaransa Christian Potut, mwaka 1986, katika mji wa Oyonnax, ambao watu wake walikuwa mafundi wa vitana kwa vizazi vingi kabla plastiki haijafika. Kwa hiyo siku ya Live Aid vitu vyote viwili ulivyonunua kwa ajili ya binti huyo vilikuwa bado havijazaliwa. Mtazamaji wa kawaida hatajua, ni kweli, lakini mwongozaji wako amesema anataka mwaka, hakusema muongo.

Chanuo la ngumi nalo ni la miaka ya 1970. Mwanafunzi wa uuguzi wa London mwaka 1966 angekuwa amenyoosha nywele kwa chanuo la moto au amevaa wigi, kama ulivyopanga mwenyewe.

Mzee wa Kumbukumbu

Nakubali kuhusu ngumi. Kuhusu skranchi sikubaliani nawe moja kwa moja. Dada yangu alikuwa akivalisha lastiki kitambaa cha khanga na kufungia nywele tangu tukiwa shule ya msingi, nasi tulimaliza shule ya msingi kabla ya 1980. Hataza ni karatasi ya biashara; haithibitishi kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kufanya kitu hicho nyumbani kwake.

Bi Chanuo

Hilo siwezi kulipinga, wala sina sababu ya kulipinga. Cherehani na lastiki vilikuwepo, na mtu mwenye akili angeweza kufika hapo peke yake. Ninachosema ni kwamba jukwaani tunaonyesha kile ambacho mtazamaji angekikuta kwenye vichwa vingi vya mtaa ule mwaka ule, na skranchi ya dukani katika London ya Julai 1985 haikuwa kitu cha kukutana nacho.

Nywele Zangu Jamani

Samahani, naona mnajua haya mambo ya hedibendi. Mimi nikivaa hedibendi ya plastiki kutwa nzima ofisini napata maumivu nyuma ya masikio, na nywele za mbele zimeanza kunyonyoka. Nivae ya mtindo wa mwaka gani?

Msusi wa Ilala

Dada, tatizo lako halina mwaka. Hedibendi ya plastiki hujishikilia kwa kubana, na nguvu yote ya kubana huishia kwenye ncha zake mbili, ambazo hukaa nyuma ya masikio juu ya mfupa usio na nyama. Ikiwa ina meno kwa ndani, meno hayo yanavuta nywele za mbele kwenda nyuma mahali palepale kila siku, nazo nywele za pale ni nyembamba kuliko za utosini. Iache kwa muda. Ukilazimika, tumia ya kitambaa laini iliyo pana, na ubadilishe mahali inapokaa. Ukiona ngozi ya mbele ina vipele vidogo au inang'aa bila vinyweleo, usisubiri, nenda kwa daktari wa ngozi, maana kunyonyoka kwa kuvutwa kukichelewa sana nywele hazirudi.

Sasa turudi kwa mleta uzi. Binti wa 1985 mwenye nywele nyingi za asili ni zawadi, kwa sababu kulikuwa na kitu kilichomfaa yeye hasa, nacho ni kibanio cha ndizi.

Mshona Mapazia

Kibanio cha ndizi ndicho kile kirefu kilichopinda, kinachofunguka kama mdomo wa mamba? Mama yangu alikuwa nacho, nami nilidhani ni kifaa cha saluni tu. Tafadhali nielezeni kinavyovaliwa. Na je, huyo binti hawezi kuvaa hedibendi?

Msusi wa Ilala

Ndicho hicho. Ni vipande viwili vyembamba vya plastiki vilivyopinda, vimeungwa kwa bawaba upande mmoja na kufungwa kwa ndoano upande mwingine, na kila kipande kina safu ya meno marefu. Kinakaa wima kisogoni, bawaba ikiwa chini karibu na shingo. Unakusanya nywele zote nyuma, unapitisha kipande kimoja kila upande, unafunga ndoano juu. Nywele hazitoki sehemu moja kama unapozifunga kwa mpira. Zinatoka kwa mstari kutoka utosini hadi shingoni, zikasimama kama manyoya ya shingo ya pundamilia. Kwenye nywele laini zilizonyooka umbo hilo huanguka, ndiyo maana wengi wakati ule walitia nywele mawimbi kwanza. Nywele zetu zinasimama bila kuombwa.

Tahadhari moja: usikinunue kifupi. Nywele nyingi zikilazimishwa kwenye kibanio kifupi, ndoano hukubali kufunga, nawe unaridhika, kisha inaachia katikati ya onyesho. Mwambie mwigizaji akifunge, atikise kichwa kwa nguvu, kisha ainame kama anayeokota kitu sakafuni. Kikiachia, basi ni kifupi au umekamata nywele nyingi mno; gawa nywele, za chini uzifunge kwa mpira mwembamba ndani, kibanio kishike zilizobaki.

Bi Chanuo

Nakubaliana na msusi, na kuhusu hedibendi nitaongeza kwamba mwaka 1985 zilikuwepo za aina mbili zinazopingana, na upinzani huo unaweza kukusaidia kuuonyesha ugomvi wa mama na binti bila neno hata moja.

Aina ya kwanza ilikuwa ya kistaarabu, pana, yenye sponji ndani na mahameli au hariri juu, inayovaliwa na binti wa familia inayojali heshima. Oktoba mwaka uleule Diana, binti mfalme wa Wales, alicheza dansi Melbourne akiwa amevaa mkufu wa zumaridi na almasi kwenye paji la uso badala ya shingoni, jambo lililozungumzwa dunia nzima. Lakini hiyo ni miezi mitatu baada ya sehemu yako, kwa hiyo usiiguse. Aina ya pili haikuwa hedibendi ya dukani hata kidogo. Ilikuwa kitambaa kirefu au lesi iliyochanwa, ikazungushwa kichwani na kufungwa fundo kubwa juu kwa upande, ncha zikining'inia, kwa mtindo ambao Madonna aliusambaza kuanzia 1984. Alipanda jukwaani katika tamasha hilohilo la Live Aid, upande wa Philadelphia, na katika televisheni ya London aliangukia usiku. Ikiwa ugomvi unatokea jioni ile, binti akivaa lesi na mama akimtazama kichwani kabla ya kumtazama usoni, kazi yako imekwisha.

Ningependekeza uchague kimoja, ama ndizi ama lesi. Ukiviweka vyote viwili kwenye kichwa kimoja, mtazamaji ataona maonyesho ya makumbusho.

Fundi Bawaba

Mimi sijui mitindo, natengeneza vifaa. Naona hakuna aliyetaja kile kibanio bapa cha chuma chenye pambo mbele na kifungo nyuma, ambacho kinaweza kutumika katika sehemu zote tatu kwa kubadilisha pambo tu. Wanaoniletea husema kimeharibika kwa sababu hakifungi kwenye nywele nyingi, kumbe ni kizima. Ukikigeuza utaona vipande vitatu: bamba la chini lililobeba pambo, ulimi wa juu unaoingia kwenye kifungo, na katikati yao kipande chembamba cha chuma kilichopinda kama upinde. Kazi ya kile cha katikati ni kusukuma nywele chache zibane vizuri. Kwa mtu mwenye nywele nyingi kinakula nafasi bure. Kikamue kidogo kwa vidole ili kiinuke, kisha kitelezeshe kitoke kwenye vijino vinavyokishikilia, na kibanio kitapata nafasi ya kutosha. Kitunze, maana siku mwigizaji mwenye nywele nyembamba akichukua nafasi hiyo utakihitaji.

Mshona Mapazia

Fundi, nimekijaribu sasa hivi na kimefunga kwenye nywele ambazo jana kilizikataa. Asante sana.

Bi Chanuo, sasa nina tatizo jipya: skranchi zangu zote hazina mahali. Nizirudishe dukani? Na kwa mama wa 1966, hedibendi zangu za plastiki zitafaa?

Bi Chanuo

Usirudishe kitu. Skranchi zako ni za 1997, ila si za mtoto. Ni za mama yake.

Watu wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba mwaka ukibadilika, kila kichwa nyumbani hubadilika nao. Mwanamke wa miaka 31 mwaka 1997 alikuwa na miaka 22 mwaka 1988, skranchi zilipokuwa zimeenea kila duka, na huenda bado anafungia zilezile anapoosha vyombo. Kibanio cha makucha nacho kilikuwa katika kilele chake katikati ya miaka ya tisini, hasa kwa mwanamke anayerudi kazini, anayezungusha nywele mara moja, kuzibana kisogoni na kuacha ncha zikitokeza juu. Kwa hiyo mama avae skranchi akiwa na pilikapilika za nyumbani, na kibanio cha makucha akirudi kazini. Bibi naye, ambaye sasa ana miaka hamsini na kitu, anaweza kuwa bado na chupio na mtandio. Mtoto peke yake ndiye anayevaa mwaka 1997 wenyewe. Vichwa vitatu, miaka mitatu, chumba kimoja.

Lakini viangalie vibanio ulivyonunua. Hivi vya siku hizi, tangu viliporudi kwenye mitindo karibu 2020, vingi havina mng'ao, rangi zake zimefifia, na ukivigusa vina ulaini kama wa mpira. Vya wakati ule viling'aa, na vingi viliigiza gamba la ng'amba, kahawia na njano zikiwa zimechanganyika na mwanga ukipenya. (Pwani yetu iliuza magamba ya ng'amba wa kweli kwa karne nyingi; siku hizi biashara hiyo imepigwa marufuku kimataifa, kwa hiyo mtu akikuletea cha kweli mnadani, kiache.) Vipya vya rangi ya ng'amba vinapatikana, na kutoka viti vya nyuma havitofautiani na vya zamani.

Kuhusu 1966, za plastiki nyembamba ziweke pembeni, zinafanana mno na za mwanafunzi. Mtindo wa wakati ule ulikuwa nywele kutimuliwa utosini ili ziinuke, kisha utepe mpana wa kitambaa, kama vidole vitatu au vinne, ukavishwa nyuma ya nywele za paji, ili utenganishe nywele za mbele zilizolala na mlima ulio nyuma. Brigitte Bardot ndiye aliyefanya uigwe kila mahali. Utepe ukikaa kwenye paji lenyewe, umehamia miaka ya 1920 au umeingia kwenye mazoezi ya viungo ya 1982. Sentimita tano za mahali unapokaa hubadilisha muongo mzima.

Msusi wa Ilala

Kwa wigi hilo, shona utepe kwenye wavu wa wigi nyuma ya masikio kwa mishono miwili kila upande, la sivyo utateleza nyuma mwigizaji akiinama kwa mtoto. Na mlima utimue kabla ya kumvisha, wigi likiwa kwenye kichwa cha mbao.

Kwa mtoto wa 1997 mimi ningesahau vipepeo kabisa. Mistari midogo yenye shanga mwishoni. Venus Williams alicheza fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani mwaka huohuo akiwa na shanga kwenye nywele, na watoto weusi wengi walitaka kichwa kama kile. Tena shanga zina sauti, mtoto akigeuka ukumbi mzima unasikia.

Bi Chanuo

Fainali ile ilichezwa Septemba. Sehemu ya tatu inatokea mwezi gani? Shanga kwa watoto zilikuwepo hata kabla ya Venus, kwa hiyo si kosa kwa vyovyote, lakini ikiwa mtoto anasema anataka "kama Venus", mwezi una maana. Vipepeo mimi ningeviacha vichache, viwili mbele, kwa kuwa hakuna kitu kingine kinachotamka mwisho wa miaka ya tisini kwa sauti kubwa kiasi hicho. Hapa tutatofautiana.

Msusi wa Ilala

Vipepeo vina springi ndogo mno na meno mafupi. Kwenye mistari havishiki, vinakaa juu juu tu. Vilitengenezewa nywele laini zilizosokotwa kidogo mbele. Ukivilazimisha utaviokota jukwaani.

Mshona Mapazia

Sehemu ya tatu ni Desemba, kwa hiyo Venus anaruhusiwa. Nitajaribu shanga kwanza, na kipepeo kimoja nitakishona kwa uzi kwenye mstari wa mbele badala ya kukibana. Swali la mwisho: skranchi za Kariakoo ni ndogo, hazifanani na zile kubwa ninazoziona kwenye picha. Nikishona mwenyewe nitumie kipimo gani?

Bi Chanuo

Kata kitambaa urefu wa sentimita 60 hadi 65 na upana wa 14. Za siku hizi hukatwa kwenye upana wa 8 au 9, ndiyo maana zinaonekana nyembamba. Lastiki iwe sentimita 20, ile bapa ya nusu sentimita. Kunja kitambaa kwa urefu, upande mzuri ukiwa ndani, shona, geuza, pitisha lastiki kwa pini, unganisha lastiki kwa kuzilaza ncha mbili juu ya nyingine, usizifunge fundo, kisha fumba kitambaa. Mahameli meusi au satini ya kijani iliyoiva ndiyo ya mwanamke huyo. Hizo za rangi kali ni za msichana wa 1989, na huyo hayumo katika igizo lako.

Mzee wa Kumbukumbu

Nimezungumza na dada yangu kwa simu. Anasema ana picha akiwa na skranchi ya khanga, na pembezoni mwake pamechapwa mwaka 1979.

Bi Chanuo

Tarehe iliyochapwa pembezoni ni ya kusafishwa kwa picha, kwa hiyo haiwezi kuwa imepigwa baadaye. Inaweza tu kuwa imepigwa mapema zaidi. Mwombe aiangalie kwa makini kama lastiki imefichwa ndani ya kitambaa, au ni kitambaa kilichofungwa juu ya mpira. Akikuta imefichwa, weka picha hapa.